Nyumba yangu ya saba ina Zohali, ndiyo maana napata wanaume wenye mizigo?

BintiKisauni
Habari za jioni wanajukwaa. Wanaojua mambo ya nyota naomba mnisaidie, wasiojua mnivumilie.

Nimezaliwa Mombasa tarehe 6 Juni 1990. Mama anasema ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Nimetengeneza chati kwenye programu mbili za simu na zimenipa watu wawili tofauti. Ya kwanza inasema nachomoza na Punda, nyumba ya saba ni Mizani, mwenye nyumba ni Zuhura, kwa hiyo nitapata mume mpole na mtanashati. Ya pili inasema nachomoza na Kaa, nyumba ya saba ni Mbuzi, mwenyewe Zohali na kakaa humo humo, tena na Urano na Neptuni.

Ukweli wa maisha yangu: wanaonijia ni watu wazima kunizidi, wametulia, ila kila mmoja na mzigo wake. Mmoja alikuwa na mke nikajua baadaye. Niliolewa, tukaachana Septemba 2019. Sasa kuna mtu wa miaka 47, mkewe alifariki, ana watoto watatu, anataka kuleta posa. Chati ipi ni yangu? Na huyu ndiye?

MkaliWaNyota
Dada, achana na programu. Wewe ni Mapacha. Ukihesabu saba kuanzia Mapacha unafika Mshale, mwenyewe Mshtarii. Utaolewa na msafiri au msomi. Na kama kweli Zohali iko nyumba ya saba, pole, hiyo ni nahasi, ndoa huwa hazikai.

Mzee wa Falaki
Mkali, hiyo hesabu yako ndiyo ya magazetini, inatumika pale ambapo saa ya kuzaliwa haijulikani. Huyu saa anayo, hivyo nyumba zinahesabiwa kuanzia nyota iliyokuwa inachomoza mashariki dakika ile.

Binti, chati yako ni ya pili. Nadhani najua ya kwanza ilitoka wapi: imesoma 2:30 usiku wa manane badala ya 8:30 asubuhi. Saa zetu zinapishana na za programu kwa saa sita, na saa sita ni nyota tatu nzima. Toka Kaa ukirudi nyuma tatu unaangukia Punda. Kuhakikisha, tazama Jua limechorwa wapi. Aliyezaliwa asubuhi Jua lake liko juu ya mstari wa kati, upande wa kushoto, limepanda kidogo tu. Ukilikuta chini ya mstari, hiyo chati ni ya mtu aliyezaliwa usiku.

BintiKisauni
Kweli Mzee, ile ya Punda Jua liko chini kabisa. Asante. Basi ndiyo hiyo ya Zohali 😩

Mama Wawili
Usihuzunike mwaya. Mimi yangu ina Mirihi. Nikaambiwa nitaolewa na mgomvi. Nimeolewa na mchinjaji wa ng'ombe, mkimya kama maji ya mtungi, tuna miaka kumi na tano. Visu anavyo, ugomvi hana. Sasa hapo nyota imesema kweli au imesema uongo, sijui.

Mzee wa Falaki
Mama Wawili, kwa sisi wa fani, hapo imesema kweli: Mirihi ni chuma na damu, na kazi yake ndiyo hiyo.

Turudi kwa Binti. Kwanza uliza mwenye nyumba kaenda wapi, ndipo uangalie wageni. Zohali kuitwa nahasi ni sawa, Mkali hajakosea, lakini nahasi aliye ugenini na nahasi aliye kwake hawafanani. Mbuzi ni nyumba ya Zohali mwenyewe. Hapo anatoa mtu aliyekuja duniani mapema kuliko wewe, mwenye majukumu, asiye na maneno mengi, anayechelewa kufika lakini akifika anakaa. Wanajimu wa Kihindi wanasema kabisa kwamba nyumba ya saba ndipo Zohali inapopata nguvu. Isitoshe, mkabala wake, nyumba ya kwanza, una Mshtarii katika Kaa, mahali inapotukuzwa. Hiyo ni saadi inayoitazama nahasi uso kwa uso.

Hao wenye mizigo, Zohali inahusika nusu. Nusu nyingine ni wewe. Kaa pamoja na Mshtarii ni mtu anayelea, anayepika sufuria kubwa hata kama wako wawili. Mwenye mzigo anakuona kutoka mbali.

Wageni sasa. Urano na Neptuni usiwape uzito kwa kuwa tu wako kwenye Mbuzi. Neptuni ilikaa huko tangu 1984 hadi 1998, na Urano tangu 1988 hadi 1996, kwa hiyo wanafunzi wenzako wote wanayo. Cha kuangalia ni umbali kutoka mstari wa magharibi, yaani mlango wa nyumba ya saba. Mstari wako uko nyuzi 14 za Mbuzi, na Neptuni nayo iko karibu nyuzi 14. Imeukalia. Neptuni mlangoni ndiyo yule mwenye mke asiyesema.

Na Septemba 2019 Zohali, iliyokuwa inarudi nyuma, ilisimama karibu na nyuzi 14 za Mbuzi, juu ya mstari huo huo, kisha ikaanza kwenda mbele.

Sajini
Mzee, heshima yako, lakini Zohali ya 2019 ilisimama pale kwa kila mtu duniani. Dada yangu ni wa 1990 na aliolewa huo huo mwaka wa 2019.

Mzee wa Falaki
Dada yako anachomoza na nyota gani?

Sajini
Sijui, na yeye hajui. Anajua tarehe ya harusi.

Ustadhi Mpole
Nawakumbusha tu kwa upole kwamba wengi kwetu wanaona hili ni shirki. Binti, istikhara ipo.

BintiKisauni
Asante Ustadhi, nimeswali pia.

Mzee, nimepekua sanduku la mama nikapata kadi ya kliniki. Imeandikwa 8.50 a.m., kwa hiyo saa tatu kasoro dakika kumi. Inabadilisha chochote?

Mzee wa Falaki
Nyumba ya saba inabaki Mbuzi na Zohali inabaki mwenyewe, hilo lisikutie shaka. Dakika nne ni kama nyuzi moja, kwa hiyo dakika 20 zinausogeza mstari hadi nyuzi 19 hivi. Zohali yako iko karibu na 24, sasa iko jirani zaidi. Neptuni imebaki nyuma nyuzi tano, na kwa mgawanyo wa nyumba ninaoutumia mimi inahamia ya sita. Wanaohesabu nyota nzima kuwa nyumba moja wataiacha ya saba. Hapo hatujawahi kukubaliana.

Ila Septemba 2019 haikai tena vizuri. Kwa nyuzi 19 Zohali ilipita mwezi wa tatu, ikarudi ikapita tena katikati ya mwaka. Kulitokea nini miezi hiyo?

BintiKisauni
Mwezi wa tatu hakuna kitu. Mwezi wa sita ndipo alipohama nyumba, nadhani. Au wa saba.

Sajini
"Nadhani" 😅

Mzee wa Falaki
Siwezi kuisukuma zaidi ya hapo, Sajini. Na la huyu bwana wa 47: chati inaonyesha aina ya mtu, na yeye ni aina hiyo hasa, mjane mwenye watoto. Lakini yule aliyekuficha mke naye alikuwa mtu mzima aliyetulia, maana Zohali ilikuwa ile ile. Kuwatofautisha hao wawili nyumba ya saba haiwezi.

Mama Wawili
Watoto wake umri gani? Umeshafika kwake, au anakuja yeye tu kwako?

BintiKisauni
Mkubwa 19, mdogo 8. Kwake sijafika bado.

Mama Wawili
Nenda siku asiyokutarajia. Ukamwone huyo wa miaka 8.