Naomba ushauri: godoro la mwenye maumivu ya kiuno, sponji, springi au makumbi?

Habari zenu wakuu. Niko Mtwara mjini, nina kilo 88, na kiuno kinanisumbua mwaka wa tatu sasa. Kinauma zaidi nikiamka, nikitembea kidogo kinaachia, ndiyo maana nashuku godoro. Ni la sponji. Nimelaza ufito ulionyooka juu yake, katikati pamebonyea vidole vinne. Daktari kasema nitafute la ugumu wa wastani, si gumu kama sakafu. La makumbi ya nazi linapitisha hewa, na joto letu mnalijua, ila mimi hulalia ubavu, nahofia nyonga na bega. Springi naogopea kutu, hewa ya bahari hii. Sponji ya hai densiti je, kwa uzito huu inakaa muda gani kabla ya kubonyea? Aliyelalia makumbi kwa ubavu aniambie ukweli.