Leibniz: kama mwili haugusi nafsi, maumivu yanatoka wapi?

Kijana_wa_Kisauni:
Salaam wakubwa. Nasoma falsafa chuoni hapa Mombasa, na Ijumaa natakiwa kupeleka insha juu ya mwanafalsafa Leibniz. Mwalimu anataka nionyeshe anavyotofautiana na mwanafalsafa Malebranche, kisha nijibu "mbwa wa Bayle", yaani mfano ambao Bayle alimpinga nao Leibniz. Nimeelewa kwamba monadi, yaani kitu sahili kisicho na sehemu kama nafsi, haina madirisha: hakiingii kitu, hakitoki kitu. Lakini jana Mji wa Kale nimepiga fundo la kahawa chungu, ulimi ukaungua. Kama kahawa haikuigusa nafsi yangu, mbona maumivu yalikuja papo hapo? Naombeni ushauri niandike nini.

Ustadh_wa_Kuze:
Hili kwetu ni la kale, mwanangu. Imam Ghazali alishasema pamba ikikutana na moto, si moto unaounguza, Mungu ndiye anayeumba kuungua. Kahawa inafika ulimini, Mola anaumba maumivu nafsini. Leibniz kabadilisha majina tu. Andika hivyo.

Bi_Hoja:
Shikamoo Ustadh. Ghazali umempatia, ila kijana akiandika hivyo atakuwa amemweleza Malebranche. Kwa Malebranche, Mungu hutenda kila tukio linapotokea. Leibniz alilalamika kwamba huo ni muujiza usiokatika. Katika barua ya 1696 alitoa mfano wa saa mbili zinazokwenda sawa: ama moja inaisukuma nyingine, ama fundi anakaa hapo akizirekebisha kila mara, ama zimetengenezwa kwa ustadi tangu mwanzo hata kila moja ikifuata mwendo wake hazipishani. Ya pili ni Malebranche, ya tatu ni yake mwenyewe.

Kwa hiyo kijana, katika kisa chako kuna mifuatano miwili. Ulimi umeungua kwa sababu ya joto na miendo iliyotangulia katika miili. Maumivu yametokana na hali iliyotangulia ya nafsi yako yenyewe. Mungu alichagua mifuatano inayolingana pale alipoumba, wala harudi kuingilia.

Mzee_Tuktuk:
Kwani ana shida gani na saa ya kwanza? Kahawa imemuunguza, yakaisha!

Bi_Hoja:
Shida ni mwendo, mzee wangu. Leibniz alimsoma Descartes kuwa anasema nafsi haiongezi mwendo mwilini, inageuza uelekeo tu. Akajibu kwamba uelekeo wa jumla nao huhifadhiwa, hivyo nafsi haina hata nafasi ya kugeuza usukani. Katika *Monadolojia* ya 1714 anasema Descartes angelijua hilo, angefika kwenye upatanifu uliopangwa tangu awali, yaani ile njia ya tatu ya saa.

Mama_Likoni:
Samahani, mimi nina sukari. Siku hizi nyayo hazisikii, juzi nilikanyaga msumari nikaona damu tu. Huyo bwana wenu angesema nini? Na kuna dawa?

Bi_Hoja:
Pole sana mama. Ya dawa muulize daktari, na mguu huo uangaliwe leo, usingoje. Swali lako ni zuri. Kwake nafsi huakisi kila kinachotukia mwilini, ila kwa uwazi pale tu viungo vya hisi vinapokusanya kitu kikawa na nguvu. Mishipa isipokusanya, mtazamo, yaani nafsi kukipokea kitu hata bila kukitambua, unabaki hafifu, hauwi maumivu.

Na hapo ndipo jibu la Bayle lilipo. Katika kamusi yake ya 1697 Bayle aliuliza: mbwa anakula kwa raha, ghafla anachapwa fimbo. Nafsi inayojiendesha yenyewe itarukaje kutoka raha hadi maumivu? Leibniz akasema hairuki. Wakati mbwa anakula, nafsi yake ilikuwa tayari na mitazamo midogo ya yanayojiandaa, asiyoitambua. Kijana, mvuke na joto lililokaribia mdomo wako vilikuwa na mwenzi wao nafsini kabla ya fundo. Usiandike kwamba mvuke ndio ulioingiza mitazamo hiyo, utakuwa umefungua dirisha.

Mzee_Tuktuk:
Basi hata ajali utaniambia nilikuwa nayo rohoni tangu asubuhi. Hapo mtu hawezi kukamatwa kwa uongo, kila kitu "kilikuwemo ila hafifu".

Bi_Hoja:
Tangu kuumbwa kwako, si asubuhi tu. Na ndiyo, hapo ni udhaifu. Hakuna tukio litakaloonyesha kwamba mtazamo mdogo haukuwepo. Yeye anategemea hoja: unasikia ngurumo ya bahari, basi lazima unasikia kidogo kila wimbi, kwa sababu visivyosikika kabisa mia elfu havifanyi sauti.

Kijana_wa_Kisauni:
Ahsante dada. Lakini kama maumivu yangetoka nafsini vilevile, kulikuwa na haja gani ya kuumba ulimi?

Bi_Hoja:
Mkosoaji wake Foucher alimbana karibu na hapo mwaka 1695. Leibniz hujibu kwamba nafsi iliyoumbwa haikosi mwili, kwani huuona ulimwengu kutokea mahali fulani, na mwili ndio mahali penyewe. Mimi halinitoshi. Liweke kwenye insha, useme linakutosha au la, na kwa nini.

Ustadh_wa_Kuze:
Mimi bado naona ni Mungu yuleyule, kabadilishwa saa ya kazi tu.