Kufuli la PostgreSQL limeruhusu kazi ya cron iendeshwe mara mbili, nishaurini

Fundi_Ntinda: Wakuu, nimekwama. Kila saa 12 asubuhi kazi ya `cron` inakata marejesho ya mikopo ya boda boda ya wanachama wa sacco moja hapa Kampala, kupitia kampuni ya simu. Ipo kwenye seva mbili, ili moja ikizima nyingine ifanye. Inaanza hivi:

```sql
SELECT pg_try_advisory_lock(7706);
```

Ikirudi `f`, programu inaacha. Juzi seva zote zilipata `t`, watu wakakatwa mara mbili. Nafikiria kutengeneza jedwali langu la kufuli.

Okello_Lira: Tumia `flock`, dakika moja tu.

Fundi_Ntinda: Seva mbili, ndugu. `flock` ya huku haionekani kule.

NyakatoFP: Mie nilikatwa mara mbili na sacco, kurudishiwa ilikuwa vita. Warudishieni watu kwanza!

Mzee_wa_Data: Fundi, unaingia kwa poti gani?

Fundi_Ntinda: 6432. PgBouncer, lakini hiyo ni ya kupunguza miunganisho tu.

Mzee_wa_Data: `pool_mode`?

Fundi_Ntinda: `transaction`. Bosi aliamua, sitaigusa.

Mzee_wa_Data: Basi ndiyo hiyo. Kufuli lako linashikwa na muunganisho halisi wa Postgres, si na programu yako. Transaksheni ikiisha, PgBouncer humpa mwingine muunganisho huo huo. Seva ya pili iliupokea, Postgres ikaona ni mwenyewe amerudi, na mwenyewe anaruhusiwa kushika tena. Ikajibu `t`.

Jinja_Boy: Stori ya kutunga hii. `pg_advisory_unlock` ingeangukia muunganisho mwingine, ikarudi `f`, kufuli likabaki linaning'inia. Jana kazi ingekwama.

Fundi_Ntinda: …Jana haikukata mtu hata mmoja. Nikawasha upya PgBouncer.

Jinja_Boy: Na hilo ulikuwa unalificha kwa nini?

Mzee_wa_Data: Kuwasha upya kulifunga miunganisho, kufuli likaachiliwa. Siku nyingine tazama kwanza:

```sql
SELECT pid, objid FROM pg_locks
WHERE locktype = 'advisory';
```

Kazi hii peke yake iingie moja kwa moja kwa 5432, ishike muunganisho mmoja hadi mwisho.

Okello_Lira: Au `pg_try_advisory_xact_lock`, inajiachia yenyewe kwenye `COMMIT`.

Mzee_wa_Data: Ni kweli, ila kazi yote lazima ikae ndani ya transaksheni hiyo. Huyu anasubiri majibu ya kampuni ya simu; transaksheni ikikaa wazi muda mrefu, `VACUUM` haiwezi kusafisha mistari iliyokufa tangu ilipoanza. Halafu kufuli huzuia kwenda sambamba tu. Seva ya kwanza ikimaliza kabla saa ya seva ya pili haijafika 12, ya pili itakata upya. Weka `UNIQUE (mkopo_id, tarehe)` na uingize mstari huo kabla ya kuagiza pesa.

Fundi_Ntinda: Jedwali langu lingefanya hivyo hivyo.

Jinja_Boy: Programu ikifa katikati, nani atafuta alama kwenye jedwali lako? Kufuli la Postgres hufa na muunganisho.

Fundi_Ntinda: Sawa, `UNIQUE` naiweka leo. 5432 imefungwa kwa seva ya pili, nitamwomba bosi.

NyakatoFP: Na waliokatwa?