Tupeane uzoefu: karani wa benki ameingiza pesa zako kwenye akaunti ya mtu mwingine

Mama Mabati, Malindi

Salamu wana-Pwani. Naomba tukusanye visa vya aina moja tu: wewe umeandika nambari sawasawa, umempa karani pesa mkononi, naye akaziingiza kwingine. Tajeni kiasi, saa mliyoripoti, na pesa zilirudi kwa njia gani. Naanza na changu.

Ilikuwa Alhamisi, tawi moja la huku Lamu Road. Saa nne na dakika arobaini asubuhi niliweka taslimu 186,000 kwenye akaunti ya muuza mabati wa Mombasa, ambaye benki yake ni hiyo hiyo. Kijana aliyekuwa mbele yangu alikuwa ameshahudumiwa, lakini alisahau kitambulisho, akarudi dirishani wakati karani anahesabu noti zangu. Karani akaacha kuhesabu, akamtafutia, wakasemezana kidogo, kisha akanirudia. Stempu ikapigwa, "asante mama", nikaenda zangu.

Saa kumi na mbili jioni muuza mabati akanipigia. Lori limeshafungwa turubai na yeye hajaona hata senti. Nikaitoa risiti kwenye pochi. Kiasi ni changu, saa ni yangu, jina ni la mwanamume nisiyemjua. Ile nakala ya fomu niliyojaza kwa kalamu yangu ilikuwa na nambari sahihi kabisa. Saa kumi na mbili na nusu nikapiga simu ya huduma kwa wateja. Binti aliyepokea alikuwa na adabu zake zote, akaniambia niende tawini kesho. Basi.

Ijumaa saa tatu mlango ulipofunguliwa sikupanga foleni ya dirishani. Niliomba kumwona afisa wa operesheni, nikamwekea mezani risiti na nakala ya fomu, moja kando ya nyingine. Alikwenda kutoa bunda la fomu za jana yake, akaikuta fomu yangu imebanwa pamoja na ya yule kijana. Karani aliingiza pesa zangu kwenye akaunti ya mteja aliyetangulia. Saa tatu na dakika ishirini akaunti ile ikazuiwa isitoe pesa.

Katika 186,000 zangu zilibaki 84,500. Afisa aliniambia kwa mdomo tu, maana mambo ya mteja mwingine ni siri na hakutaka kuyaandika, kwamba kijana alihamisha 60,000 kwenda kwenye simu yake Alhamisi usiku. Na usiku huo huo mashine ya benki ikakata 41,500 za mkopo aliokuwa amechelewa kuulipa.

Zile 84,500 ziliingia kwa muuza mabati siku hiyo hiyo kabla ya adhuhuri. Zile 41,500 zilirudi Jumanne, baada ya makao makuu kukubali kuufungua mkopo tena. Zile 60,000 ndizo zilizoleta maneno. Meneja alitaka nisubiri mpaka kijana azirudishe kidogo kidogo. Kijana alisema alidhani ametumiwa na kaka yake aliyeko Saudia. Nikaandika barua ya ukurasa mmoja: pesa nilimkabidhi karani wenu, nambari niliyoandika ni sahihi, kwa hiyo wa kumdai kijana ni nyinyi, si mimi. Nikapigiwa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Wiki iliyofuata benki ikalipa zote, na jinsi wanavyomdai kijana ni shauri lao.

Wa Gede

Pole mama. Mimi nilituma 2,300 kwa nambari isiyo sahihi hapa Gede, M-Pesa, tarakimu moja ya mwisho. Nikaupeleka ule ujumbe 456 hapo hapo, pesa zikazuiliwa, zikarudi. Kwa nini benki wasifanye hivyo?

Mama Mabati, Malindi

Hiyo uliandika wewe mwenyewe, kaka. Hapa aliyekosea ni wao.

Sokoni Maweni

Mnazunguka sana. Nenda polisi ukachukue namba ya OB, urudi nayo benki, wataziachia ndani ya saa ishirini na nne. Binamu yangu alifanya hivyo zikarudi. Benki huogopa karatasi ya polisi.

Keshia Mstaafu

Nimekaa dirishani na baadaye meza ya operesheni miaka mingi, Mombasa na Malindi, kwa hiyo mtanivumilia nikirefusha.

Ndugu wa Maweni, OB ni nzuri kuwa nayo, hasa kama aliyeingiziwa pesa amekimbia nazo. Lakini karatasi hiyo peke yake haizuii akaunti ya mtu. Polisi wakitaka kuifunga hupitia mahakamani kupata amri. Binamu yako huenda alirudishiwa kwa sababu karani ndiye aliyekosea na ushahidi ulikuwepo, na ingekuwa hivyo bila kituo cha polisi.

Sasa kisa cha mama. Watu hudhani karani hukosea tarakimu. Hutokea, lakini kwenye benki nyingi tarakimu ya mwisho ya akaunti hutokana na hesabu ya zile nyingine, hivyo ukipindua mbili mashine hukataa. Kosa linalopita kimyakimya ni hilo la mama: akaunti halali, mtu halali, ila si yeye. Ukurasa wa mteja wa kwanza ulibaki kwenye skrini, au fomu mbili zilipishana mkononi. Mashine haina la kukataa hapo. Na dalili yake ni hiyo moja tu, jina kwenye risiti. Nambari hamtaisoma yote, najua, lakini jina lisomwe kabla mkono haujaondoka kwenye kaunta.

Saa ndiyo kila kitu, na sisemi hivyo kwa kutisha. Kabla benki haijafunga hesabu za siku, karani huweza kuufuta muamala ule na kuuingiza upya, msimamizi wake akaidhinisha kwa nywila yake, mkamaliza kwa dakika chache. Hesabu zikishafungwa, muamala huwa wa jana. Hapo hufanywa marekebisho ya kitabu, yenye sahihi na maelezo ya maandishi, na mara nyingine makao makuu lazima waidhinishe. Isitoshe, usiku ndio wakati mashine inapopita ikikata mikopo, ada na malipo ya kudumu. Zile 41,500 za mama zilikwenda hivyo.

Kwa hiyo pale kwenye simu ya saa kumi na mbili na nusu, mama hakutendewa haki. Wahudumu wa simu huwa na njia ya kuomba akaunti izuiwe wakati suala linachunguzwa. Usiseme "nina tatizo la pesa". Sema: "Karani wa tawi fulani ameingiza kiasi hiki, saa hii, kwenye akaunti hii iliyo kwenye risiti yangu, naomba izuiwe sasa hivi, na unipe nambari ya malalamiko." Asipokupa nambari, muulize jina lake na uandike saa. Baadaye, 60,000 zikibishaniwa, saa hiyo itaonyesha kwamba benki ilijua kabla ya usiku kuingia.

Mambrui Yetu

Mimi nilikuwa upande wa pili. Niliamka nikakuta 75,000 zisizo zangu. Mke wangu akasema riziki, mimi nikasema amana. Nikaziacha. Kesho yake zikatolewa bila hata kuniuliza, ujumbe mmoja tu wa simu. Hivi wana haki ya kuingia akaunti yangu namna hiyo?

Keshia Mstaafu

Kama kosa ni la benki yako yenyewe na pesa bado zipo, hulirekebisha. Mara nyingi imeandikwa kwenye ile fomu ndefu uliyotia sahihi ulipofungua akaunti. Kukuarifu kwanza ni adabu, na wengi hawana. Ila benki nyingine haiwezi kunyoosha mkono ikachukua kwako, na hapo ndipo mambo hukwama.

Bin Mkunguni, Amu

Umenigusa, mzee wangu. Mimi ni hapo hapo pa kukwama. Nilituma 320,000 kwa RTGS kutoka tawi la hapa Amu, kununua mashine ya boti Mombasa, akaunti ya muuzaji ikiwa benki tofauti. Fomu nilijaza vizuri, karani akakosea tarakimu kwenye kompyuta, na aliyeidhinisha akapitisha. Jina nililoandika ni la duka, nambari ikaangukia kwa mtu binafsi. Benki ile ikaingiza kwa kufuata nambari, jina haikulitazama. Niliripoti siku ile ile saa nane mchana, muuzaji aliponiambia hana kitu. Benki yangu ikatuma ujumbe wa kuomba zirudi. Jibu lililokuja: mwenye akaunti hajakubali. Huu sasa ni zaidi ya mwezi. Kila nikienda naambiwa "tunawasubiri wenzetu". Na msimu wa kusi umeingia, boti iko juu ya mchanga.

Sokoni Maweni

Mtafute huyo mtu mwenyewe umbembeleze.

Bin Mkunguni, Amu

Simjui, na benki hainipi jina, wala haitakiwi kunipa.

Keshia Mstaafu

Na usimtafute. RTGS ikishapita imepita, hairudishwi na aliyetuma. Benki iliyopokea ikikuta nambari ni ya mtu, humwomba ridhaa, na asipotoa, hubaki mahakama. Ila hilo ni kati ya benki yako na wao. Wewe hukuwaambia watume kwenye nambari ile.

Omba nakala ya fomu yako yenye muhuri na karatasi iliyochapwa ya muamala wenyewe. Zikae pamoja, ile nambari uliyoandika na ile iliyotumwa. Andika barua kwa meneja, ueleze kwamba maagizo yako hayakufuatwa na unataka 320,000 zako, ukiwapa tarehe ya kujibu. Nakala ipelekwe kitengo cha malalamiko makao makuu. Wakinyamaza, barua hizo hizo huenda Benki Kuu, ambayo hupokea malalamiko ya wateja ambayo benki zao zimeshindwa kuyamaliza. Na kiasi chako hakijafika milioni moja, kwa hiyo mahakama ya madai madogo inaweza kukisikiliza, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60.

Mama Mabati, Malindi

Mzee, swali langu la mwisho. Yule karani wangu sijamwona tena dirishani. Watu wanasema zile 60,000 wanamkata yeye mshahara. Ni kweli?

Keshia Mstaafu

Inategemea benki. Kwetu upungufu mdogo wa kaunta ulikuwa wa karani, kwa kosa kubwa kulikuwa na kikao. Nimeona walioonywa na nimeona aliyeachishwa.

Wa Gede

Na yule kijana aliyekula elfu sitini?

Mama Mabati, Malindi

Hilo sijui. Juzi nilipita tawini, sikuuliza.

Bin Mkunguni, Amu

Nimeandika barua usiku huu. Meneja wetu yuko Mombasa mpaka Jumatano, aliyebaki anasema hana ruhusa ya kugonga muhuri wa kupokea. Nimwachie tu, au nisubiri?

Keshia Mstaafu

Usisubiri. Mwachie mbele ya mtu, piga picha, halafu itume pia kwa barua pepe ya makao makuu leo leo. Tarehe ianze kuhesabiwa.