Naombeni msaada: PDF ya A4 niigeuze Letter bila kukatwa wala kuvutika

msomi_wa_usiku
Habari wakuu. Nina ripoti ya kurasa 64 ipo kwenye PDF saizi ya A4, na huko ninakoituma hawataki A4 kabisa, mfumo wao unasoma saizi ya ukurasa na kama si inchi 8.5 kwa 11 unairudisha palepale. Faili la Word sina, aliyeliandaa hapatikani, nimebaki na hii PDF tu.

Nimeshajaribu mara mbili. Kwanza nilipandisha kwenye tovuti moja ya kubadilisha mafaili, ikanirudishia Letter kweli lakini maduara kwenye michoro yamekuwa mayai, na maandishi yamenenepa kama yamekaliwa. Mara ya pili nikaokota amri ya Ghostscript mahali:

```
gs -o mpya.pdf -sDEVICE=pdfwrite -sPAPERSIZE=letter -dFIXEDMEDIA ripoti.pdf
```

Hii maduara yako sawa ila nikiprinti, jina la ripoti linalokaa juu ya kila ukurasa linaliwa. Chini kuko salama kabisa, juu ndo hakuna kitu. Nakosea wapi?

kaka_printa
Mbona rahisi hiyo, ifungue tu kama unataka kuprinti, chagua printa ya Microsoft Print to PDF, karatasi weka Letter, halafu weka Fit. Nimefanya hivyo miaka yote sijawahi kukatwa hata herufi.

mama_wawili
Na mimi nina shida hiyohiyo!! Printa yangu inagoma inaandika load Letter wakati karatasi niliyoweka ni A4 na sina nyingine, nikiilazimisha inatoa, nikiiacha inasubiri hadi kesho. Mnaosaidia msinisahau.

mpiga_chapa
@mama_wawili yako ni kinyume chake, faili lako ni Letter na karatasi ni A4. Wala usiguse faili, kwenye dirisha la kuprinti badilisha karatasi iwe A4 na uchague Fit, itatulia. Mwenzako hana shida na karatasi, anataka faili lenyewe libadilike.

@msomi_wa_usiku hebu tuanze na vipimo maana hapo ndo kila kitu kinajieleza. A4 ni milimita 210 kwa 297. Letter ni 215.9 kwa 279.4. Yaani Letter ni pana kuliko A4 kwa karibu milimita 6 lakini ni fupi kwa milimita 17.6. Ile tovuti ilivuta upana ukajaa na ikabana urefu ukaenea, kila upande kwa kiasi chake, ndo maana duara likawa yai. Na ile amri yako haikupunguza chochote, ilibandika ukurasa kwenye kona ya chini kushoto, kwa hiyo milimita 17.6 zote zikaliwa juu na jina likabaki ukingoni kabisa, ambako printa haifiki. Ulichosahau ni hiki:

```
gs -o mpya.pdf -sDEVICE=pdfwrite -sPAPERSIZE=letter -dFIXEDMEDIA -dPDFFitPage ripoti.pdf
```

Ukiongeza `-dPDFFitPage` inapunguza pande zote mbili kwa kiasi kimoja, asilimia 94 hivi, na kuuweka katikati. Hakuna kinachokatwa, hakuna kinachovutika, ila kila kitu kinakuwa kidogo na pembeni unapata nafasi nyeupe ya ziada, milimita 9 kila upande.

Lakini usikimbilie hiyo kwanza. Maandishi yako ni saizi gani na michoro ina vipimo?

kaka_printa
Si ndo hicho hicho nilichosema mimi cha Fit

mpiga_chapa
Kwa macho ni kilekile, hapo uko sahihi. Ila ukiprinti kwenda PDF linki zinakufa, ukigusa yaliyomo haikupeleki popote, na ile orodha ya sura ya pembeni inapotea. Ghostscript linki na orodha inavibakiza, kinachopotea ni sehemu za kujaza fomu, zinabaki picha tu.

msomi_wa_usiku
Maandishi ni 11. Na ndiyo, kuna michoro mitatu minne imeandikwa 1:100, msomaji anatakiwa aweze kuweka rula. Yaliyomo yana linki na wanazitaka.

mpiga_chapa
Basi kupunguza si kwako. 11 inakuwa 10.3, hiyo mtu anaweza asione, lakini mchoro wa 1:100 ukipunguzwa unakuwa mwongo: mstari wa milimita 100 unasomeka 94 na bado pameandikwa 1:100. Hilo ni baya kuliko kukatwa, maana kilichokatwa kinaonekana.

Kwako njia ni kuacha maandishi na michoro kama ilivyo na kubadilisha fremu tu. Ukurasa wa PDF una kitu kinaitwa MediaBox, namba nne zinazosema karatasi inaanzia wapi na kuishia wapi, zinahesabiwa kwa pointi, na pointi 72 ni inchi moja. A4 ni 595.28 kwa 841.89, Letter ni 612 kwa 792. Fremu ukiisogeza maandishi hayaguswi, linki zinabaki zilipo, skeli inabaki ileile. Swali ni moja tu, je wino wote unaingia kwenye urefu wa 792? Usikisie, pima:

```
gs -q -dBATCH -dNOPAUSE -sDEVICE=bbox ripoti.pdf
```

Itakuletea mistari ya BoundingBox kwa kila ukurasa, kushoto, chini, kulia, juu. Tupia hapa.

msomi_wa_usiku
Nimeendesha. Kurasa karibu zote ni `71 30 524 785`, nyingine ndogo zaidi ya hapo. Ukurasa wa 41 ni picha kubwa, huo ni `40 14 555 828`. Jalada ni jeupe halina shida.

mpiga_chapa
Safi sana. Kurasa za kawaida wino unaanzia 30 (hiyo bila shaka ni namba ya ukurasa) hadi 785, urefu 755. Letter ni 792, zinabaki 37. Kwa hiyo inaingia bila kupunguza hata nywele.

Sasa hapa ndo wengi wanapoteleza, wanakata sawasawa juu na chini, pointi 25 na 25. Ukifanya hivyo namba yako iliyoko 30 itabaki pointi 5 kutoka ukingoni, hazifiki milimita 2. Kwenye skrini utaiona, utafurahi, ukiprinti haipo, maana printa nyingi hazifiki ukingoni hivyo. Gawa zile 37 kulingana na wino ulipo: 18.5 chini na 18.5 juu, hiyo ni milimita 6.5. Fremu inaanzia 11.5 na kuishia 803.5. Upande wa upana unaongeza 8.36 kila upande, ndo maana namba ya kwanza ni hasi, usishtuke.

```python
from pypdf import PdfWriter
from pypdf.generic import RectangleObject

w = PdfWriter(clone_from="ripoti.pdf")
for p in w.pages:
    b = RectangleObject((-8.36, 11.5, 603.64, 803.5))
    p.mediabox = b
    p.cropbox = b
w.write("ripoti-letter.pdf")
```

CropBox usiisahau. Ukibadilisha MediaBox peke yake na faili lilikuwa na CropBox ya zamani, kisomaji kitaendelea kufuata ile ya zamani, upana utabaki wa A4 na ukurasa hautasoma Letter.

Ukurasa wa 41 ni kesi nyingine, wino wake una urefu wa 814, hauingii hata ufanyeje. Huo peke yake upunguze. Ndani ya ile luupu ukifika kwenye `w.pages[40]` (inahesabu kuanzia sifuri) ita `p.scale_by(0.94)` halafu fremu yake iwe `(-26.22, -0.31, 585.78, 791.69)`. Je picha hiyo ina skeli?

msomi_wa_usiku
Haina, ni picha tu ya jengo. Na haina linki.

mpiga_chapa
Bahati yako. Ingekuwa na linki ungelazimika kukagua kama bado zinakaa juu ya maneno yake, kile kipimo kinapunguza maandishi na picha, linki sizitegemei.

zamaradi77
Samahani kuingilia, mimi jalada langu lina rangi ya bluu imejaa ukurasa mzima. Nikipima inaniletea `0 0 595 842`. Hiyo fremu nikisogeza napata vipande vyeupe pembeni, inaonekana kama nguo ya kuazima.

mpiga_chapa
Hapo lazima uchague hasara. Ukipunguza unapata mistari myeupe ya milimita 9 kulia na kushoto. Ukikuza hadi upana ujae, asilimia 102.8, rangi inafika kila kona ila unapoteza kama milimita 13 juu na 13 chini, kwa hiyo angalia kama kuna jina au nembo imekaa huko. Rangi tupu ikiliwa nani atajua? Mimi ningekuza jalada tu na kuacha kurasa nyingine.

fundi_mtulivu
Mpiga_chapa nakubali yote ila hiyo fremu inayoanzia hasi mimi siipendi. PDF inaruhusu, lakini nimeshakutana na programu za kugonga mihuri na namba zinazodhani kila ukurasa unaanzia 0,0, muhuri unakaa pembeni ya ulipotakiwa. Ningetumia pdfjam:

```
pdfjam --letterpaper --noautoscale true --outfile mpya.pdf ripoti.pdf
```

Inabaki asilimia 100 na inaanzia sifuri.

mpiga_chapa
Kweli, na hilo la mihuri nimeliona. Ila pdfjam inaua linki, mwenzetu anazitaka, na inaweka katikati sawasawa kwa hiyo namba yake ya ukurasa itarudi kwenye zile pointi 5 hadi uongeze `--offset`. Kila mtu na anachokiogopa.

kaka_printa
Jamani si angetafuta tu hiyo Word abadilishe saizi huko yaishe

fundi_mtulivu
Akibadilisha kwenye Word aya zinahama, ukurasa wa 12 unakuwa 13, yaliyomo yanatakiwa kusasishwa upya, na kama kuna mtu ameshanukuu namba za kurasa imekula kwake. Ndiyo njia safi kama unaandika bado. Hii imeshafungwa, halafu amesema hana Word.

msomi_wa_usiku
Mrejesho. Nimefanya ya fremu, ukurasa wa 41 kivyake. Nikakagua na `pdfinfo -f 1 -l 64 ripoti-letter.pdf` kila ukurasa unasoma 612 x 792 pts (letter). Nimeprinti kurasa tatu kwa Actual size siyo Fit, namba za chini zimetoka, na rula kwenye mchoro wa 1:100 inakubali. Linki zinafanya kazi. Mfumo umepokea.

Kimoja tu, mfumo wao unagonga tarehe yao juu kulia ya ukurasa wa kwanza, na imekaa chini kidogo kuliko nilivyoona kwenye ripoti za wengine. Ndo lile la fundi_mtulivu?

fundi_mtulivu
Pengine ndo hilo. Inasomeka lakini?

msomi_wa_usiku
Inasomeka, haijagusa maandishi.

fundi_mtulivu
Achana nayo.

mama_wawili
Yangu imeprinti, asanteni. Kumbe ilikuwa kidirisha tu.