Laini imeuzwa na "meseji za picha bila kikomo", mbona kwa mama yangu picha haziingii hata moja?

Binti_Kilosa (mleta uzi)

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuzificha. Naishi na mama yangu hapa Columbus, Ohio. Tulimnunulia laini ya kulipia kabla, ile ya bei ya chini isiyo na data, maana nyumbani waifai ipo na yeye matumizi yake ni kupiga simu na kuandikiana meseji. Kwenye ukurasa wa kampuni, ambayo siitaji hapa, imeandikwa waziwazi kwamba kifurushi kina simu, meseji na meseji za picha bila kikomo.

Meseji za kawaida zinaingia na kutoka bila tatizo. Picha hakuna. Msimamizi wa nyumba tunazopanga akituma picha ya tangazo, mama haioni. Fundi wa bomba akitaka apigiwe picha ya sehemu inayovuja, ya mama haitoki, inazunguka halafu inaandika imeshindikana. Na msiniambie habari za WhatsApp, watu hawa hawaitumii. Hapa mtu anafungua sehemu ya meseji ya simu yake na kutuma, basi.

Kilichonipandisha hasira zaidi ni cha wiki hii. Mama anaimba kwaya ya kanisa. Kiongozi wa kwaya aliwaandikia wanakwaya wote kwa pamoja kwamba mazoezi yamesogezwa. Maneno matupu, hakuna picha. Mama akaona jina la kiongozi, chini yake kialama cha kupakua, ukubwa 1 KB na tarehe ya mwisho. Anabonyeza, inazunguka, inagoma. Mwanamke wa miaka 68 akaenda kusimama nje ya kanisa lililofungwa kwenye baridi.

Nikawapigia huduma kwa wateja. Kwanza, zima simu uwashe. Halafu, toa simkadi urudishe. Mwisho kabisa dada wa watu ananiambia, "Nunua kifurushi cha data, itakubali." Sasa kama picha zimo kwenye kifurushi ninacholipia, kwa nini ninunue kitu kingine ili nipate nilichokwisha kulipia? Na kama mtandao haushiki, mbona meseji nyingine zinapita? Anayejua anieleze, kwa sababu hawa naona wananizungusha.

Mtaalamu_Simu

Dada, hiyo ni APN tu, yaani mipangilio ya mlango ambao simu inaingilia kwenye data ya kampuni. Simu zikinunuliwa sehemu tofauti na laini, mipangilio ya picha haiji yenyewe. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, tafuta Access Point Names, hakikisha MMSC, yaani anwani ya seva ya picha, imejazwa na hapa pameandikwa hivi:

```
APN type: default,supl,mms
```

Likikosekana neno mms hapo, mara nyingi picha haziendi. Weka, zima uwashe, kwisha kazi.

Binti_Kilosa

Asante kaka. Nimeangalia sasa hivi: mms ipo, MMSC imejazwa, na vyote vinalingana na ukurasa wa kampuni herufi kwa herufi. Picha bado hazipiti.

Mama_Junior_Mwanza

Na mimi nina tatizo hilohilo! WhatsApp yangu picha zinakuja zina ukungu, nikibonyeza hazifunguki mpaka nijiunge bando. Meseji za kawaida zinaingia. Hawa watu wa mitandao wanatunyonya.

Fundi_Mnara

Mama Junior, pole, ila lako ni jingine. WhatsApp inapita kwenye intaneti, ukipata bando au waifai imekwisha. Ya mama wa mleta uzi hata waifai haiponyi, na hilo ndilo linalowachanganya watu.

Dada Binti, nimefanya kazi upande wa mitandao muda mrefu, ngoja nikueleze taratibu.

Meseji ya kawaida haihitaji data kwa sababu inasafiri kwenye njia ileile simu inayotumia kuzungumza na mnara: kujitambulisha, kupokea mlio wa simu inayoingia. Njia hiyo iko wazi muda wote laini ikiwa hai. Ila ni nyembamba, meseji moja inabeba baiti 140, ndizo zinazotoa zile herufi 160. Picha iliyobanwa mpaka KB 300 ingehitaji vipande zaidi ya 2,000 vya namna hiyo. Kwa hiyo walioiunda MMS, yaani hizo meseji za picha, hawakuipitisha huko. Simu inafungua muunganisho wa data, inapandisha picha kwenye seva ya kampuni inayoitwa MMSC, na picha inakaa pale.

Anayepokea haletewi picha. Analetewa taarifa ndogo, na taarifa hiyo inakuja kwa njia ya meseji ya kawaida. Ni kama karatasi ya posta unayoikuta kwenye sanduku: kifurushi chako kimefika, njoo dirishani. Ndani ya taarifa mna jina la mtumaji, ukubwa, tarehe ya mwisho na anwani ya kuchukulia. Baada ya hapo simu yenyewe inatakiwa ifungue data iende kwenye hiyo anwani.

Soma tena ulichoandika juu. Mama aliona jina, ukubwa na tarehe. Maana yake taarifa ilimfikia, kwa kuwa njia ya meseji ni nzima. Kilichogoma ni hatua ya pili. Na hiyo 1 KB inaonyesha hakukuwa na picha ndani. Simu nyingi, ujumbe ukienda kwa watu wengi ambao wote wanaonana na kujibizana pamoja, zinautuma kama MMS hata ukiwa na maneno mawili. Ndiyo maana ya kwaya haikufika na ya msimamizi akimwandikia mama peke yake bila picha inafika.

Juma_wa_Kitope

Sasa si awashe waifai tu? Data ni data.

Fundi_Mnara

Hapana, mkuu. Hiyo MMSC mara nyingi iko ndani ya mtandao wa kampuni, inapokea wanaoingia kupitia mlango wake tu. Waifai ya nyumbani inakuingiza kwenye intaneti ya nje, ukigonga kule hufunguliwi. Kuna kampuni na simu zinazoweza kupitisha picha kwenye waifai, hasa pale ambapo hata kupiga simu kwa waifai kumewashwa, lakini usilitegemee hilo mpaka kampuni yako ikuthibitishie.

Binti_Kilosa

Fundi, Mungu akubariki, sasa naelewa. Lakini hasira zimeongezeka! Kama kampuni inajua picha lazima ipite kwenye data, ilikuwaje ikauza laini isiyo na data na kuandika picha bila kikomo?

Fundi_Mnara

Hapo una haki kabisa, kwa sababu kitaalamu inawezekana. Kuwa na njia ya data na kuwa na kifurushi cha intaneti si kitu kimoja. Kampuni inaweza kuiruhusu laini ifungue mlango wa MMS peke yake, intaneti ikabaki imefungwa, na picha ikahesabiwa kama meseji, bila kukata megabaiti. Wapo wanaofanya hivyo na wateja wao hawajui hata kama kuna tatizo.

Balaa linaanza kwenye kampuni ambazo intaneti na MMS zinatumia APN moja. Wakifunga data kwenye rekodi ya mteja, wamefunga vyote viwili. Kuruhusu MMS tu hapo kunahitaji mtandao utofautishe safari ya kwenda MMSC na safari nyingine zote, nayo ni kazi ya ziada ambayo wengine hawaifanyi, au wanaifanya kwa vifurushi vipya na kusahau vya zamani. Tangazo linaandikwa na watu wa masoko, kizuizi kinawekwa na watu wa mitambo.

Ila kabla hujawavaa, ondoa mashaka kwenye simu. Je, mama amezima data ya simu?

Binti_Kilosa

Ndiyo, tulizima tangu siku ya kwanza, tukihofia salio kukatwa.

Fundi_Mnara

Basi iwashe kwanza. Simu nyingi za Android ukizima data, MMS nazo zinakufa. Baadhi ya zile mpya zina swichi yake pembeni, kwenye mipangilio ya simkadi, imeandikwa `MMS messages`, inaruhusu picha hata data ikiwa imezimwa. Kisha chukua simkadi yako yenye data, kama ni ya kampuni hiyohiyo ni bora zaidi, iweke kwenye simu ya mama na utume picha. Ikipita, simu na APN ni nzima, kosa liko kwenye laini yake. Ikigoma, rudi kwa Mtaalamu_Simu, maana hapo atakuwa yuko sahihi.

Mzalendo_Dar

Mimi nikiandika meseji ndefu sana kwa mtu mmoja nayo inagoma, fupi zinaenda. Sijaweka picha wala kundi.

Fundi_Mnara

Baadhi ya simu zikiona vipande vimekuwa vingi zinaigeuza meseji kuwa MMS zenyewe. Angalia kwenye mipangilio ya meseji, kwingine hilo unaweza kulizima. Kuandika mada juu ya meseji nako kunaigeuza.

Binti_Kilosa

Nimerudi. Data nimeiwasha kwa mama, picha imegoma vilevile. Nimeweka laini yangu ya kampuni hiyohiyo, yenye data, kwenye simu yake na kuzima waifai: picha imetoka, na niliyotumiwa imeingia hapohapo. Nimerudisha ya mama, imegoma. Kwa hiyo tatizo ni laini yake, wala tusidanganyane tena habari za kuzima na kuwasha.

Nimewapigia tena nikiwa na hayo mkononi. Nikamuuliza yule kijana moja kwa moja: laini hii imewekewa kizuizi cha data, na je, kizuizi hicho kimefunga na MMS? Kwa mara ya kwanza mtu hakuniambia nizime simu. Akakaa kimya, akaenda kuuliza, akarudi na kukiri kwamba kizuizi kipo na "kinaweza kuathiri picha". Nikamsomea maneno ya ukurasa wao. Amefungua tiketi, imepelekwa kwa watu wa mitambo. Na ile meseji ya kwaya je, wakirekebisha mama ataipata?

Fundi_Mnara

Kama tarehe ya mwisho aliyoiona haijapita, abonyeze tena itashuka. Ikipita, seva inaifuta, hata laini ikitengenezwa leo hiyo imepotea. Mwombe kiongozi wa kwaya amwandikie mama peke yake kwa sasa, ile itafika kama meseji ya kawaida.

Dada_Minneapolis

Binti, wakikuzungusha tena peleka malalamiko FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, fomu iko kwenye tovuti yao na ni bure. Wakishaipeleka kwa kampuni, kampuni ina siku 30 za kujibu kwa maandishi. Piga picha ukurasa wa tangazo leo kabla hawajaubadilisha, na andika namba ya tiketi.

Juma_wa_Kitope

Si rahisi kununua tu kifurushi kidogo cha data, dada? Dola chache, mama anapata picha zake.

Binti_Kilosa

Kaka Juma, ningekuwa nimeuziwa meseji za maandishi tu ningenunua na nisingefungua uzi huu. Nimeuziwa picha. Ukurasa nimeshaupiga picha, namba ya tiketi ninayo. Nawapa mpaka Ijumaa, kisha najaza hiyo fomu. Mwenye laini ya aina hii isiyo na data ambayo picha zinaingia, naomba aseme hapa mwaka aliojiunga na kama data kwenye simu yake imewashwa au imezimwa. Nataka nikiwapigia tena niwe na mifano ya wateja wao wengine.