Watu wa Babu: karatasi ya basi ya Kevo

Shangazi Rehema 19:12 Watu wa Babu hamjambo. Hiyo picha ni hesabu ya Kevo, gredi ya 6, inatakiwa kesho asubuhi. Mama Kevo ako kazini usiku, mimi ndio niko na mtoto na tumekwama kwa ratiba ya basi

Shangazi Rehema 19:31 Jameni. Tiki za bluu naziona

Anko Tosh 19:33 Picha imekatwa Rehema, andika

Shangazi Rehema 19:36 Nairobi linaondoka 7:40 asubuhi
Naivasha linafika 9:15 linaondoka 9:35
Nakuru linafika 10:50 linaondoka 11:25
Eldoret linafika 2:10 mchana
Wanauliza Nairobi mpaka Naivasha ni muda gani. Kevo ametoa kwa kalkuleta akapata 1.75

Anko Tosh 19:38 Si ni rahisi, hiyo ni saa moja na dakika 75, na 75 imepita 60 kwa hivyo andika saa 2 na dakika 15

Baba Shiru 19:39 Na basi la 7:40 Nairobi hii liondoke 7:40 kweli? Bado wanaita abiria 😂😂

Anko Tosh 19:39 😂😂 mtu mmoja wa mwisho

Shangazi Rehema 19:40 Baba Shiru mtoto analala saa tatu. Faridah uko?

Faridah 19:52 Niko shangazi nilikuwa kwa mat. Anko hapana. Jaribu jibu lako kwa ratiba, 7:40 ukiongeza saa 2 na dakika 15 unapata 9:55, na hapo basi limeshatoka Naivasha dakika 20 zimepita. Shida ni kalkuleta, ikikopa inakopa 100 na saa ina dakika 60, ndio maana zimezidi 40. Mwambie Kevo aweke kalkuleta chini ahesabu akipanda: 7:40 mpaka 8:00 ni dakika 20, 8:00 mpaka 9:00 saa moja, halafu 15. Saa 1 dakika 35

Shangazi Rehema 19:58 Ameelewa hiyo. Sasa safari nzima, anatoa 7 kwa 2 haitoki, akageuza akatoa 2 kwa 7

Mama Shiru 20:03 Mambo ya saa na hii familia mimi nanyamaza tu. Tosh si ndio ulituambia saa mbili Disemba, tukaachwa stendi na magunia na mtoto mgonjwa

Anko Tosh 20:04 Mama Shiru tulisharudia hiyo maneno. Nilisema saa mbili asubuhi

Mama Shiru 20:04 Hukusema asubuhi. Meseji ninayo

Shangazi Rehema 20:05 Tafadhali. Kevo

Babu 20:11 Rehema. Huyo mtoto asome saa kama tunavyoisema nyumbani. Basi limetoka saa moja na dakika arobaini. Limefika saa nane na dakika kumi. Kutoka moja na arobaini hadi saba na arobaini ni saa sita, bado dakika thelathini. Na nyinyi wawili hayo ya Disemba mje muongee mbele yangu, si hapa.

Anko Tosh 20:12 Sawa Baba

Mama Shiru 20:15 Sawa Baba

Faridah 20:17 Babu amemaliza, ni saa 6 na dakika 30. Saa yetu inaanza upya jioni kwa hivyo basi la mchana halivuki 12, saa ya karatasi inaanza upya adhuhuri katikati ya safari. Lakini Kevo asishike kama sheria, basi likitoka 4:30 jioni lifike 8:00 usiku, saa ya karatasi inatoa moja kwa moja na yetu ndio inavuka, kumi na nusu mpaka saa mbili

Faridah 20:18 Na wakiuliza muda wa kwenda tu bila kusimama, toa 20 za Naivasha na 35 za Nakuru, inabaki saa 5 dakika 35. Huko ndio wengi huanguka, wanasoma mstari wa kufika kwa kufika

Baba Shiru 20:20 Nakuru dakika 35 ni za chai na mandazi, chai ya moto haiishi kwa 20

Shangazi Rehema 20:24 Ya mwisho: mtu amefika stendi ya Naivasha 8:50, atangoja basi muda gani? Kevo amesema 25

Anko Tosh 20:25 45, linaondoka 9:35

Faridah 20:29 Basi linafika 9:15 kwa hivyo kungoja basi ni 25. Ila akipanda bado anakaa 20. Swali halijasema vizuri, aandike 25 na aonyeshe 8:50 mpaka 9:15

Anko Tosh 20:30 Kwa kitabu cha Shiru walifanya mpaka kuondoka

Shangazi Rehema 20:31 Shiru kitabu kiko? Na Jumamosi nani anakuja kukaa na Kevo, ziko karatasi mbili zingine na moja ni ya basi la usiku. Faridah?

Faridah 20:44 Jumamosi sijui shangazi, niulize Ijumaa

Shangazi Rehema 20:45 Tosh?

Mama Shiru 21:20 Kitabu kiko kwa Tosh tangu Disemba